Hopa ya koni kutoka shiti bapa: kupata nusukipenyo mbili na pembe ya kukata

Hopa nyingi za mashine za kusaga nafaka hukatwa kwa makadirio. Fundi anakata kipande kilichopinda, anakikunja, anaangalia kimezidi wapi, anapunguza kwa grainda na kujazia kwa kuchomelea pale palipopungua. Mwishowe hopa inapatikana, lakini mdomo wa juu haulali sawa, na mdomo wa chini unakataa kuingia kwenye shingo ya mashine mpaka ugongwe nyundo. Hayo yote si lazima. Ukiwa na kipenyo cha juu, kipenyo cha chini na kimo, unaweza kuchora kipande kwenye shiti kikiwa bado bapa, ukakata mara moja, na kikakunjika hadi kwenye vipimo ulivyoahidi.

Nitafuata kazi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni hopa ya shiti ya chuma ya milimita 2, mdomo wa juu wenye kipenyo cha ndani cha milimita 600, mdomo wa chini wenye kipenyo cha ndani cha milimita 150, na kimo cha kusimama cha milimita 450. Hopa ya namna hii inabeba lita 55 na ushee, yaani karibu madebe matatu. Ubavu wake unateremka kwa nyuzi 63 hivi kutoka usawa wa sakafu, mteremko ambao mahindi makavu hushuka yenyewe bila kusukumwa.

Kipande bapa kinatoka wapi

Chukulia kwamba hopa haikukatwa chini, bali kuta zake zinaendelea kushuka mpaka zikutane kwenye ncha. Hiyo ni koni nzima. Kila sehemu ya mdomo wa juu iko umbali uleule kutoka kwenye ncha, ukipima juu ya ukuta wenyewe. Sasa pasua ukuta huo kwa mstari mmoja kutoka mdomoni hadi kwenye ncha, kisha ulaze mezani. Umbali kutoka kwenye ncha haujabadilika, kwa hiyo mdomo wa juu unakuwa tao la duara ambalo kitovu chake ni ile ncha. Mdomo wa chini nao unakuwa tao dogo lenye kitovu hichohicho. Kipande chako ndicho eneo lililo kati ya matao hayo mawili.

Ndiyo maana tunatafuta vitu vitatu tu: nusukipenyo ya tao kubwa, nusukipenyo ya tao dogo, na pembe kati ya kingo mbili zilizonyooka. Ukivipata hivyo, hakuna kingine cha kukadiria.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya hesabu. Nusukipenyo ya tao si nusu ya kipenyo cha mdomo. Mdomo wa hopa yetu una nusukipenyo ya milimita 300, lakini tao lake kwenye shiti litakuwa na nusukipenyo ya zaidi ya milimita 670, kwa sababu linapimwa kutoka kwenye ncha ya koni kwa kufuata ubavu. Anayechanganya hivi viwili huchora kipande kisichofanana kabisa na hopa aliyoikusudia.

Ongeza unene wa shiti kwanza

Chuma kinapokunjwa, uso wa ndani unabanwa na uso wa nje unavutwa. Urefu usiobadilika ni ule wa katikati ya unene. Kwa hiyo hesabu ifanywe kwa kipenyo cha katikati ya unene, si cha ndani wala cha nje. Kama mteja amekupa vipimo vya ndani, ongeza unene wa shiti kwenye kila kipenyo. Kama amekupa vya nje, punguza. Kwa kazi yetu, 600 inakuwa 602 na 150 inakuwa 152.

Milimita 2 zinaonekana kama si kitu, lakini zinazidishwa kwa pai. Ukizisahau, mzingo wa mdomo unapungua kwa zaidi ya milimita 6. Juu, mahali penye mzingo wa karibu mita mbili, hutaona. Chini, kwenye shingo inayotakiwa kuvaa juu ya bomba, ndipo utakapojua. Kwa kusema kweli, kwenye ukuta ulioinama kiasi cha kuongeza ni pungufu kidogo ya unene kamili, ila kwa shiti ya milimita 2 tofauti hiyo haifiki hata nusu milimita, kwa hiyo ongeza unene wote na uendelee.

Hesabu yenyewe

Tuite kipenyo cha juu D, kipenyo cha chini d, kimo h, na urefu wa ubavu s. Nusukipenyo ya tao kubwa ni R, ya tao dogo ni r, na pembe ni θ.

```
s = √( h² + ((D − d)/2)² )
R = s × D / (D − d)
r = s × d / (D − d)
θ = 180 × (D − d) / s
```

Mstari wa kwanza ni kanuni ya Pithagorasi. Ukitazama hopa kwa ubavu, kuna pembetatu yenye kimo cha 450 na upana ulio sawa na tofauti ya nusukipenyo mbili za midomo. Tofauti ya vipenyo ni 602 toa 152, sawa na 450. Nusu yake ni 225. Hivyo:

```
s = √( 450² + 225² ) = √253125 = 503.1
```

Huo ndio upana wa kipande chako kutoka tao hadi tao. Ona kwamba ni mrefu kuliko kimo kwa milimita 53. Hopa inasimama milimita 450, lakini shiti inatembea milimita 503 kufika huko kwa sababu imelala.

Mistari ya pili na ya tatu inatokana na uwiano. Ubavu wa milimita 503.1 unapunguza kipenyo kwa 450. Basi ili kipenyo kipungue kutoka 602 mpaka sifuri pale kwenye ncha, ubavu unapaswa kurefuka kwa uwiano uleule:

```
R = 503.1 × 602 / 450 = 673.1
r = 503.1 × 152 / 450 = 169.9
```

Hapohapo hakiki: R toa r lazima ilingane na s. 673.1 toa 169.9 ni 503.2, na ile sehemu ya kumi iliyozidi imetokana na kukadiria tarakimu za mwisho. Kama tofauti ingekuwa hata milimita 2, kuna namba umeibonyeza vibaya.

Kisha pembe:

```
θ = 180 × 450 / 503.1 = 161.0
```

Nyuzi 161. Namba hii inastahili kutazamwa vizuri. Inategemea tofauti ya vipenyo na urefu wa ubavu tu, yaani inategemea mteremko wa ukuta. Ukijenga hopa kubwa mara tatu kwa mteremko huuhuu, pembe itabaki 161 na nusukipenyo ndizo zitakazokua. Kadiri ukuta unavyosimama zaidi, pembe inapungua, na kadiri unavyolala, inakaribia duara zima. Mwenye mazoea akiona pembe ya nyuzi 300 kwenye hopa ya nafaka atasimama kuuliza, kwa sababu huo ni ukuta uliolala mno, na nafaka itakwama.

Jaribio la mwisho ni kulinganisha mizingo. Urefu wa tao kubwa ni R × θ × 3.1416 / 180, nao unatoa 1,891. Mzingo wa mdomo wa juu ni 3.1416 × 602, nao pia ni 1,891. Kwa chini, tao na mzingo vyote vinatoa 477.5. Ukipata ulinganifu huu juu na chini, hesabu yako ni sahihi na unaweza kugusa shiti.

Kipande kimoja au viwili

Shiti ya kawaida ni milimita 2,440 kwa 1,220. Kipande chetu kikiwa kizima kinachukua nafasi ya takriban 1,328 kwa 645. Viwili vikiwekwa ubavu kwa ubavu vinataka 2,656, na kimoja juu ya kingine vinataka 1,290. Vyote vinazidi shiti. Kwa mpangilio wa kawaida, basi, shiti moja inatoa hopa moja na vipande vingi vya kubaki.

Nashauri kugawa kipande katika nusu mbili zinazofanana, kila moja yenye pembe ya nyuzi 80.5. Nusu moja inachukua nafasi ya takriban 870 kwa 545. Sasa zinaingia nne, mbili kwa mbili, na bado kuna nafasi ya kupitisha diski. Nusu nne ni hopa mbili kutoka shiti moja. Gharama yake ni mshono wa pili wa nusu mita kwa kila hopa, na mshono huo ni nafuu kuliko nusu shiti. Zaidi ya hapo, nusu ni rahisi kuikunja kwa mkono kuliko kipande cha nyuzi 161 ambacho kikifika katikati kinaanza kugonga bomba unalokunjia.

Nusukipenyo hazibadiliki kwa kugawa. Kinachogawanywa ni pembe tu.

Kuchora

Bikari ya kufika milimita 673 huipati dukani kirahisi. Chukua ubao mwembamba ulionyooka au flatibaa. Toboa tundu la msumari karibu na mwisho mmoja, kisha kutoka kitovu cha tundu hilo pima 169.9 na 673.1 na utoboe matundu mengine mawili ya kupitishia ncha ya kuchorea. Kwa kuwa matundu yote yako kwenye ubao mmoja, upana wa kipande hauwezi kuyumba kutoka nusu moja hadi nyingine.

Kitovu cha matao kinaangukia nje ya kipande. Kwa nusu yetu kiko karibu milimita 130 chini ya pembe za tao dogo. Kama hapo ndipo shiti inapoishia, weka kipande cha mbao chenye unene unaolingana na meza, kibane kisisogee, na upige msumari humo. Kitovu kikicheza hata milimita 3, matao hayatakuwa na kitovu kimoja tena na upana wa kipande utatofautiana upande na upande.

Chora matao yote mawili marefu kuliko unavyohitaji. Sasa inabaki kuweka pembe, na hapa ndipo kazi nyingi zilizohesabiwa vizuri huharibika. Kipimapembe cha shule hakifai. Kosa la nyuzi moja tu linasogeza ukingo kwa karibu milimita 12 kwenye tao kubwa, na kwa hopa nzima linabadilisha kipenyo cha juu kwa karibu milimita 4. Tumia urefu wa mstari mnyoofu unaounganisha miisho ya tao. Kwa nusu ya hopa ni:

```
2 × R × sin(θ/4) = 2 × 673.1 × sin(40.25) = 869.8
2 × r × sin(θ/4) = 2 × 169.9 × sin(40.25) = 219.6
```

Hakikisha kikokotoo kiko kwenye nyuzi. Sine ya 40.25 ni 0.646, na ukipata namba nyingine kabisa, kimewekwa kwenye radiani.

Weka alama ya panchi mahali popote kwenye tao kubwa. Kutoka hapo nyoosha futi kamba mpaka ikate tao kwenye 869.8, uweke alama ya pili. Kisha nyoosha rula ndefu kutoka kitovu hadi kila alama, ukate mstari kupitia tao dogo. Nafasi kati ya miisho miwili ya tao dogo inapaswa kuwa 219.6. Halafu pima mshazari: kutoka mwisho wa kushoto wa tao kubwa hadi mwisho wa kulia wa tao dogo, kisha kinyume chake. Yote miwili iwe 666 na iwe sawa. Isipokuwa sawa, rula haikupita kwenye kitovu.

Mwenye kuamua kukata kipande kizima cha nyuzi 161 asiweke pembe kwa mstari mmoja wa kutoka mwisho hadi mwisho. Pembe ikikaribia nyuzi 180, mstari huo haubadiliki sana hata tao likibadilika mno. Kwa kipande chetu, kosa la milimita 1 kwenye mstari wa 1,328 ni kosa la milimita 6 kwenye tao. Achore mstari wa katikati, kisha apime 869.8 kulia na 869.8 kushoto.

Ukitaka kuzungusha tao kwa futi kamba badala ya mistari minyoofu, unaweza, ila futi kamba ya chuma hailali vizuri juu ya mstari uliopinda. Mimi huiamini kwa kuhakiki tu.

Nafasi ya mshono

Kama kingo zinagusana na kuchomelewa uso kwa uso, usiongeze chochote. Kama ni bati jembamba la kupandishana na kupigwa ribiti, ongeza ukanda kwenye ukingo mmoja, na ukanda huo uwe na upana uleule kutoka juu hadi chini. Wako wanaoongeza kwa kupanua pembe kidogo. Hapo ukanda unakuwa mpana juu na mwembamba chini, na ribiti za chini hazina pa kushika. Chora mstari unaoenda sambamba na ukingo, milimita 15 kwa mfano, na uache mstari wa zamani ukionekana kwa sababu ndio utakaokuonyesha pa kufikisha ukingo wa pili.

Unapokata, diski ipite nje ya mstari. Diski inakula chuma kwa upana wake, na ukipita juu ya mstari wenyewe kwenye kingo zote nne za nusu mbili, milimita ulizozihesabu kwa uangalifu zinageuka vumbi.

Kukunja

Mistari ya kukunjia lazima yote itoke kwenye kitovu. Gawa tao kubwa la nusu katika sehemu 12, kila moja karibu milimita 79, na tao dogo katika sehemu 12 za karibu milimita 20. Unganisha alama za juu na za chini kwa chaki. Mistari inafunguka kama upepeo. Laza shiti juu ya bomba, mstari mmoja baada ya mwingine ukiwa juu ya mgongo wa bomba, na ukunje kidogo kidogo. Anza na sehemu za mwisho karibu na kingo, kwa sababu kingo zikiachwa mpaka mwisho hazina mkono wa kuzishika na hubaki bapa, nawe unapata hopa yenye pua kwenye mshono.

Ukikunja kwa mistari inayoenda sambamba, shiti inajikunja kama bomba. Utaitambua dalili yake upesi: kingo mbili zinapokutana, moja inakuwa imepanda juu ya nyingine na midomo haisimami kwenye usawa mmoja. Usiivute kwa klampu na kuichomelea hivyo. Fungua, chora mistari ya kitovu, ukunje tena.

Kwa kuwa sehemu ya chini inapinda kwa ukali zaidi kuliko ya juu, itahitaji bomba dogo au mapigo zaidi. Kata duara la mbao lenye kipenyo cha 600 na lingine la 150 ulitumie kama kipimo cha ndani. Shikiza kwa alama fupi za kuchomelea mahali kadhaa kwenye kila mshono, weka maduara, rekebisha, ndipo umalizie mshono.

Ukikuta vipimo havikutoka

Simamisha hopa kwenye sakafu iliyonyooka na upime kabla ya kumlaumu aliyekunja. Kama midomo yote miwili ina kipenyo sahihi lakini hopa ni fupi, kuna mtu alitumia kimo mahali pa ubavu. Kwa kazi yetu, kipande chenye upana wa 450 badala ya 503 kingetoa hopa ya kimo cha takriban 390, pungufu kwa milimita 60, ingawa midomo ingetoshea.

Kama midomo yote miwili imepungua kwa uwiano uleule na hopa imerefuka kidogo, pembe ilikuwa ndogo kuliko hesabu. Hii inatibika: kata ukanda wa kujazia wenye umbo la kabari, mpana juu na mwembamba chini. Kama midomo yote imepungua kwa kiasi kilekile, si kwa uwiano, mathalani milimita 2 juu na milimita 2 chini, ni unene wa shiti uliosahauliwa au diski iliyokula mstari.

Mahali njia hii inapofika mwisho

Vipenyo vikikaribiana sana, ncha ya koni inakimbia mbali. Hopa ya 600 juu, 580 chini na kimo cha 800 ingetaka R ya mita 24. Hesabu ni sahihi, ila huna uwanja wa kuchora tao hilo. Hapo gawa midomo katika sehemu sawa, chora ukuta kama pembetatu nyembamba zinazofuatana, uhamishe urefu wa kila upande kwenye shiti moja baada ya nyingine.

Njia hii pia haifai pale mdomo wa chini usipokuwa chini ya katikati ya mdomo wa juu, kama zile hopa zenye ubavu mmoja uliosimama wima ili zikae karibu na ukuta. Urefu wa ubavu hubadilika kila mahali, kwa hiyo hakuna tao la duara linaloweza kuubeba. Vivyo hivyo kwa hopa ya pembe nne juu na duara chini. Kazi hizo zinadai pembetatu kuanzia mwanzo, na upimaji wa kila mstari peke yake.